Spea uliyopokea siyo uliyoagiza: kutafuta chanzo cha kosa, kuirudisha na kupata iliyo sahihi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mteja aliyeko mkoani ambaye ameagiza spea za gari kutoka Dar es Salaam, zikatumwa kwa basi, na alipofungua kifurushi akakuta kitu ambacho sicho. Mifano yote inahusu Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa kuwa ni gari ambalo spea zake zinafanana sana kwa macho na hivyo huchanganywa kwa urahisi. Kazi ya kwanza si kurudisha mzigo, bali ni kujua kosa lilitokea wapi: kwa muuzaji, njiani, katika maelezo ya oda, au kwenye gari lenyewe. Spea ikirudishwa kabla chanzo hakijajulikana, mara nyingi duka hutuma tena kitu kile kile, na nauli hulipwa bure.

Kabla ya kumpigia muuzaji

Usiruhusu spea ifungwe kwenye gari, hata kwa kujaribu. Hili linasemwa kwanza kwa sababu ndilo linaloharibu madai mengi yaliyokuwa ya haki. Fundi akitaka kujaribu shokapu, kwa mfano, hubana fimbo yake kwa koleo ili isizunguke wakati anakaza nati ya juu. Fimbo hiyo ina ung'avu wa kromu, na mkwaruzo mdogo tu juu yake hukata sili ya ndani kila shokapu inapopanda na kushuka, mpaka oili ianze kuvuja. Shokapu ya namna hiyo haiwezi kuuzwa kwa mtu mwingine, na muuzaji anayeikataa hakuonei. Vivyo hivyo kwa pedi za breki zilizokwisha kugusana na diski, na kwa vifaa vya umeme kama sensa, ambavyo maduka mengi hayavipokei baada ya kuchomekwa kwa kuwa hakuna njia rahisi ya kujua vimeungua lini.

Jaribio linaloruhusiwa ni la kulinganisha. Mwambie fundi afungue spea ya zamani, kisha aiweke sambamba na mpya juu ya kitambaa safi, ncha kwa ncha. Kwa shokapu ya mbele, angalia urefu, sahani inayobeba springi, matundu mawili ya bolti za chini, kishikio cha mpira wa breki na tundu la linki ya stabilaiza. Kwa taa, angalia masikio ya kufungia, umbo la soketi nyuma na mahali balbu inapoingia. Tofauti yoyote utakayoiona hapo inatosha kuwa hoja. Huna haja ya kufunga ili kuthibitisha.

Piga picha spea ya zamani na mpya zikiwa sambamba hivyo hivyo. Piga nyingine ya kifurushi kikionyesha jina na namba ya simu iliyoandikwa juu yake, nyingine ya stika ya boksi kwa karibu kiasi cha namba kusomeka, na ya mwisho ya namba ya chasisi ya gari. Tunza boksi lenyewe, mifuko yake ya nailoni, risiti ya EFD na stakabadhi uliyopewa na ofisi ya vifurushi ya basi. Boksi lililochanwa ni sababu ya kawaida ya kupunguziwa thamani ya bidhaa inaporudi, nami naona mteja hana budi kulielewa hilo: katika biashara ya spea mpya, boksi na stika yake ndiyo sehemu inayomthibitishia mnunuzi anayefuata kwamba hajauziwa kitu kilichotumika.

Jina lililoandikwa kwenye kifurushi si lako

Hapa mchanganyiko umetokea njiani au kwenye ofisi ya basi, na muuzaji huenda alituma kitu sahihi kabisa. Hutokea zaidi vifurushi viwili kutoka duka moja vinapopakiwa basi moja, kwa kuwa maboksi hufanana na mkabidhi husoma jina la duka badala ya jina la mpokeaji. Usifungue zaidi ya ulivyokwisha kufungua. Linganisha namba ya stakabadhi aliyokutumia muuzaji na ile iliyobandikwa kwenye mzigo. Zikitofautiana, rudi ofisini siku hiyo hiyo ukiwa na mzigo huo, kwa sababu mwenye nao huenda amesimama dirishani akiulizia wake. Mjulishe muuzaji pia, lakini elewa kwamba kinachofanyika hapa ni kubadilishana vifurushi na si kurudisha bidhaa, na huna nauli yoyote ya kulipa.

Namba iliyo kwenye boksi hailingani na iliyo kwenye ankara

Kabla ya kudai kwamba umetumiwa kitu kingine, tazama boksi ni la nani. Namba za spea za Toyota huandikwa kwa tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine ambazo wakati mwingine huwa na herufi. Watengenezaji wengine wana namba zao. KYB, ambao shokapu zao zimeenea sana sokoni, hutumia tarakimu sita zisizo na uhusiano wowote wa kuonekana na namba ya Toyota. Kwa hiyo ankara inaweza kuwa na namba ya Toyota, boksi likawa na namba ya KYB, na spea ikawa ndiyo. Katika hali hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe ukurasa wa katalogi ya mtengenezaji unaooanisha namba hizo mbili. Ukiwa uliagiza kwa kutaja aina, na bei uliyolipa ni ya aina hiyo, basi kutumiwa aina nyingine ni kosa hata kama spea inaingia, na una haki ya kulikataa.

Zikiwa namba zote mbili ni za Toyota na zinatofautiana, tazama kwanza tarakimu tano za mwanzo. Hizo hueleza ni kifaa gani, ilhali tano za mwisho hueleza ni cha gari lipi na toleo lipi. Tano za mwanzo zikitofautiana, umetumiwa kifaa kingine au cha upande mwingine. Zikilingana na za mwisho zikatofautiana, ni kifaa kile kile lakini cha gari lingine, au ni namba mpya iliyochukua nafasi ya ya zamani. Toyota hubadilisha namba mara kwa mara kifaa kinapoboreshwa, na jambo hilo nalo huonekana kwenye katalogi, hivyo muulize muuzaji kabla ya kufunga mzigo wa kurudisha.

Spea ni yenyewe, lakini ni ya upande mwingine

Hili ndilo kosa linalotokea zaidi kwa taa, shokapu za mbele, vioo vya pembeni na vitasa vya milango, na chanzo chake mara nyingi ni mahali mtu aliposimama. Kulia na kushoto kwa gari huhesabiwa ukiwa umekaa ndani, ukitazama mbele. Fundi aliyeinama mbele ya boneti anatazamana na gari, kwa hiyo taa iliyo upande wa mkono wake wa kulia ni ya kushoto. Akikupigia simu akiwa ameinama hapo na kusema "agiza ya kulia", utaagiza ya kulia, duka litatuma ya kulia, na wote mtakuwa mmefanya mlichoambiwa. Ndiyo maana wauzaji wazoefu huuliza "upande wa dereva au wa abiria?", swali ambalo kwa magari yetu yenye usukani kulia halina utata.

Kujua upande wa spea iliyo mkononi mwako, tumia namba. Kwa shokapu za mbele za Toyota, namba inayoanza na 48510 ni ya kulia na inayoanza na 48520 ni ya kushoto. Kwa taa kubwa ya mbele isiyo na balbu, 81130 ni ya kulia na 81170 ni ya kushoto. Boksi la mtengenezaji mwingine kwa kawaida huwa na herufi R au L kwenye stika, na taa nyingi huwa na herufi hizo zimechongwa kwenye plastiki ya nyuma. Shokapu za nyuma za IST isiyo na mfumo wa magurudumu manne kwa kawaida hazina upande, kwa hiyo kukuta mbili zenye namba moja si kosa.

Kisha rudi kwenye maandishi yako. Fungua ujumbe wa WhatsApp uliotumia kuagiza na usome ulichoandika, si ulichokusudia. Kama uliandika upande sahihi na ankara ikaandikwa hivyo hivyo, kosa ni la stoo. Kama ujumbe wako ulisema "nitumie taa ya IST" bila upande, na muuzaji akatuma bila kuuliza, kila mmoja ana sehemu yake, na ni busara mkagawana nauli badala ya kuvutana wiki nzima kwa ajili ya kiasi kidogo.

Namba ni sahihi, upande ni sahihi, lakini haikai

Dalili hii ndiyo inayohitaji subira, kwa kuwa ankara, boksi na spea vinakubaliana, na gari pekee ndilo linalokataa. Anza na namba ya chasisi. Kwa IST ya toleo la kwanza, NCP60 ina injini ya sentimita za ujazo 1,300, NCP61 ina ya 1,500, na NCP65 ni ya 1,500 yenye mfumo wa magurudumu manne. Mtu akisema "IST ya 2004" hajasema bado ni ipi kati ya hizo. Spea za mbele za NCP60 na NCP61 hushirikiana kwa sehemu kubwa, lakini NCP65 ina mpangilio tofauti wa ekseli ya nyuma, na chochote cha nyuma kilichoagizwa bila namba hiyo ni cha kubahatisha. Namba ya chasisi huonekana kwenye kibati kilichopo ndani ya boneti, na pia kwenye kadi ya gari. Soma zote mbili. Zisipolingana, hilo ni tatizo kubwa kuliko spea.

Jambo la pili ni mwaka. Mwaka unaosemwa na wenye magari mara nyingi ni ule wa kusajiliwa au wa kuingia nchini, nao hauna maana kwenye katalogi. IST ilibadilishwa sura 2005, na taa zilikuwa miongoni mwa vilivyobadilishwa, kwa hiyo gari la mwanzoni mwa 2005 na la mwishoni mwa mwaka huo huo haziwezi kutumia taa moja. Kwa taa, namba iliyo bora kuliko mwaka ni ile iliyochongwa kwenye kioo au plastiki ya taa ya zamani, pamoja na jina la mtengenezaji kama vile KOITO. Ukituma picha ya namba hiyo wakati wa kuagiza, muuzaji hana tena la kukisia.

Jambo la tatu husahaulika: magari haya yamepita mikononi mwa wengi kabla ya kukufikia. Huenda mwenye gari wa awali alifunga bampa na taa za toleo jingine baada ya ajali, au fundi alibadilisha injini nzima. Chasisi itasema NCP61 na katalogi itatoa namba iliyo sahihi kwa NCP61, lakini kilichopo kwenye gari si kilichotoka kiwandani. Hapo muuzaji hana kosa, wala wewe huna kosa la kukusudia; kinachofanyika ni kubadilisha bidhaa kwa hiari ya duka, na nauli ya kwenda na kurudi inakuangukia wewe.

Vitu vimepungua

Hesabu mbele ya mkabidhi kabla ya kusaini, na utazame kama selotepu ya juu imekatwa na kubandikwa upya. Ikiwa imeguswa, andika hivyo kwenye kitabu cha ofisi ya vifurushi na uipige picha. Ikiwa haijaguswa, upungufu ulitoka dukani. Kumbuka pia kwamba baadhi ya spea hazija na vikorokoro vyake: shokapu mpya huuzwa bila springi, bila mpira wa juu, na mara nyingi bila kifuniko cha vumbi. Huo si upungufu isipokuwa ankara inavitaja.

Jinsi ya kurudisha: mfano mmoja mpaka mwisho

Tuchukue mteja wa Songea mwenye IST ya NCP61. Ameagiza shokapu mbili za mbele, kila moja kwa shilingi 85,000, na taa ya kushoto kwa shilingi 120,000. Ujumbe wake ulisema "shokapu za mbele pea moja, na taa kubwa ya upande wa abiria", na ankara imeandikwa kushoto kwa taa, kulia na kushoto kwa shokapu. Kifurushi kimefika kwa jina lake. Ndani mna shokapu mbili zote zikianza na 48510, na taa inayoanza na 81130.

Kwa namba hizo pekee jibu limepatikana. Shokapu moja ni sahihi. Ya pili ni ya kulia tena, ilhali alihitaji ya kushoto, na taa ni ya upande wa dereva. Ankara inaonyesha oda ilipokewa vizuri, kwa hiyo kosa limetokea wakati wa kutoa mzigo stoo. Anaandika ujumbe mmoja, siku ile ile, wenye maneno kama haya:

"Habari za kazi. Nimepokea leo mzigo wa ankara hii niliyoambatisha. Shokapu moja ya kulia ni sahihi na ninaipokea. Shokapu ya pili ni 48510, nilihitaji 48520. Taa ni 81130, nilihitaji 81170. Havijafungwa kwenye gari na maboksi yapo. Sivikubali viwili hivi na naomba maelekezo ya kuvirudisha na kutumiwa vilivyo sahihi."

Ujumbe huu unatosha kwa sababu unataja kinachokubaliwa, kinachokataliwa, na tofauti ya namba, na msomaji wa upande wa pili hana haja ya kuuliza neno. Simu ipigwe baada ya ujumbe na si badala yake, maana mazungumzo ya simu hayaachi maandishi. Ile shokapu iliyo sahihi asiifunge peke yake wakati anasubiri, kwani shokapu mpya upande mmoja na iliyochoka upande mwingine huifanya gari kuvuta na kuyumba kwenye breki.

Asubiri jibu kabla ya kutuma chochote. Duka linahitaji kuthibitisha kwamba 48520 na 81170 za gari hilo zipo stoo, na pia kusema mzigo upelekwe kwa jina la nani na ushukie wapi, kwa mfano stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis au ofisi ya basi iliyo karibu na Kariakoo. Mzigo ukitumwa bila makubaliano hukaa ofisini, na baadhi ya ofisi hutoza gharama ya kuuhifadhi.

Kila spea irudi ndani ya boksi lake, kisha maboksi yote yaingie kwenye katoni moja imara. Taa izungushiwe sponji au nguo kuukuu, hasa kwenye masikio yake ya plastiki, kwa kuwa sikio likivunjika njiani litahesabiwa kuwa lilivunjikia kwako. Usiandike wala usibandike selotepu juu ya boksi la spea lenyewe. Andika kwenye katoni ya nje. Ndani weka nakala ya ankara, na juu yake uandike kwa kalamu namba zilizokuja na namba zinazotakiwa, ili mtu wa stoo asitegemee kumbukumbu ya aliyepokea simu. Risiti halisi ya EFD ibaki kwako. Tuma picha yake tu.

Kwa kuwa kosa ni la duka, nauli ya kurudisha na ya kutuma upya ni yao. Njia iliyo safi ni duka kumtumia mteja kiasi cha nauli kwa simu kabla hajaenda stendi. Akilipa yeye kwanza, aombe stakabadhi yenye kiasi na aitume siku hiyo. Bei ya shokapu ya kushoto ni sawa na ya kulia, kwa hiyo hakuna nyongeza. Ingekuwa taa ya kushoto imebaki ya mtengenezaji mwingine wa bei ya shilingi 105,000, mteja angechagua kurudishiwa shilingi 15,000 au kukataa mbadala huo na kurudishiwa shilingi 120,000 zote. Duka halimchagulii.

Muuzaji akikataa au akinyamaza

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi nafasi iliyo wazi. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Muuzaji akileta zilizoagizwa zikiwa zimechanganyika na za aina nyingine, mnunuzi anaweza kupokea zinazolingana na kukataa nyingine, au kukataa zote. Tena, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo, aliyekataa kwa haki halazimiki kuzirudisha yeye mwenyewe. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba amezikataa. Kwa hiyo tangazo lililobandikwa ukutani kwamba "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halimzuii mteja aliyepewa kitu tofauti na alichonunua, ingawa linaweza kumhusu yule aliyebadili mawazo tu.

Haki hiyo ina mpaka. Sheria humhesabu mnunuzi kuwa amekubali bidhaa akikaa nayo kupita muda wa kuridhisha bila kusema anaikataa, au akiitendea kama mwenye mali. Kufunga taa isiyo yako kwa kulazimisha, au kuiuza kwa fundi wa jirani, ni kuitendea kama mwenye mali. Kukaa mwezi mzima ukisubiri fundi apate nafasi kunakuweka mahali pabaya, hata kama una picha zote.

Kama ujumbe wa kwanza haukujibiwa, andika wa pili ukitaja tarehe ya wa kwanza na siku ya mwisho unayotarajia jibu, ukiambatisha picha zile zile. Baada ya hapo malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo inashughulikia pia ulinzi wa mlaji. Watakachotaka kuona ni uthibitisho wa malipo, ulichoagiza, ulichopokea na lini ulitoa taarifa. Aliyelipia kwenye namba ya simu ya mtu binafsi bila kudai risiti ya EFD atakuwa na ujumbe wa muamala tu, unaoonyesha fedha ilikwenda kwa nani lakini hauonyeshi ililipia nini, na itabidi ajenge madai yake kwa mazungumzo ya WhatsApp. Kwa sababu hiyo asiyafute, na akibadilisha simu ahakikishe yamehamia kwenye simu mpya kabla ya kuiachia ya zamani.